Kunukuu maneno ya wimbo kwa mashine: "sitarudi" inavyogeuka "nitarudi"

Ukianza kunukuu maneno ya nyimbo kwa programu ya kutambua usemi, makosa ya wazi hayatakusumbua sana. Mstari uliojaa upuuzi utauona mara moja na utaurudia. La kuogopa ni kosa linalosomeka vizuri: mwimbaji kaimba "sitarudi tena", programu ikaandika "nitarudi tena". Sarufi imekaa sawa na mstari unaingia kwenye ubeti bila kukwaruza, ila maana imepinduka. Kosa la namna hii hulipati kwa kusoma. Unalipata kwa kujua muziki unaficha nini, kisha kwenda kusikiliza hapohapo.

Sauti ya "s" ni mvumo wa hewa, na nguvu yake kubwa iko juu, kuanzia hezi 4,000 hivi kwenda mbele. Matoazi nayo yanajaza eneo hilohilo. Sauti ya "n" iko chini, nguvu yake kubwa ni ya hezi mia chache tu, na huko inakutana na gitaa la besi na mkono wa kushoto wa kinanda. Kelele ya barabarani huwa haina mpango, kwa hiyo hufunika neno hili na kuacha lile. Muziki una mpango. Mwimbaji anaanza neno pamoja na mdundo, na mdundo ndio wakati mpiga ngoma anapopiga. Ndiyo maana silabi ya kwanza ya neno huumia kuliko nyingine, na katika Kiswahili silabi hiyo ndiyo iliyobeba nafsi na ukanushi: ni-, si-, ha-, hu-. Programu inabaki na "-tarudi" iliyo safi na mwanzo uliozibwa. Hapo inakisia, na kwa kawaida inachagua umbo ililokutana nalo mara nyingi zaidi katika maandishi iliyofunzwa nayo.

Kuimba kwenyewe kunaleta shida ya pili, hata pasipo ala yoyote. Tunatofautisha irabu kwa namna kinywa kinavyokuza baadhi ya masafa na kupunguza mengine. Mtu anapozungumza, koo linatetema mara 100 hadi 250 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ina vipande vingi vilivyokaribiana, vya kutosha kuonyesha umbo la kinywa. Mwimbaji akipanda hadi hezi 600, vipande vinakaa mbalimbali kwa hezi 600, na alama ya kwanza ya "i" na "u", iliyo karibu na hezi 300, inabaki chini ya noti yenyewe. Haipo tena ya kusikika. Kwa hiyo kwenye noti za juu "i" inasogea kwa "e", na "u" kwa "o". "Pinda" na "penda" zinakaribia kuwa neno moja, na katika wimbo programu itakuandikia "penda".

Chukua mfano wa wimbo wa dakika 3 na sekunde 40. Utangulizi wa ala ni sekunde 18, kuna beti mbili, kiitikio kinaimbwa mara tatu, na katikati gitaa linapiga peke yake kwa sekunde 25. Tutumie programu ya kutambua usemi ya Whisper, kwa kuwa wengi ndiyo wanayoanzia.

Ukiipa faili zima lilivyo, mambo matatu hutokea. La kwanza, programu inatambua lugha kwa sekunde 30 za mwanzo, na hapa 18 kati ya hizo hazina neno. Inaweza kuamua kwamba wimbo ni wa lugha nyingine, na kuanzia hapo kila kitu kikaandikwa kwa lugha hiyo. La pili, kwenye gitaa la peke yake hutapata nafasi tupu. Utapata alama ya muziki, au mstari wa kiitikio usioimbwa, au shukrani kwa watazamaji. Modeli hiyo ilifunzwa kwa sauti za mtandaoni zilizoambatana na maandishi yake, saa 680,000 kwa toleo la mwaka 2022, na palipokuwa na muziki bila maneno maandishi yalikuwa na mambo kama hayo. La tatu, irabu ikivutwa sana, kama "moyooo" ya sekunde nne, programu inaweza kunasa na kurudia neno au silabi moja mistari mingi. Inafanya kazi kwa vipande vya sekunde 30, na kwa kawaida hupeleka maandishi ya kipande kilichopita kwenye kinachofuata, kwa hiyo marudio yanajilisha yenyewe.

Dawa inaanza kwa kutenga sauti na ala. Programu ya Demucs inafanya hivyo vizuri, na kwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro inachukua takribani mara moja na nusu ya urefu wa wimbo. Ipe faili bora kuliko yote uliyonayo, katika mikondo yake miwili ya kushoto na kulia. Usiunganishe mikondo kwanza, wala usishushe ubora kwanza, maana tofauti ya kushoto na kulia inaisaidia programu kujua mwimbaji ni yupi. Faili la MP3 lililobanwa sana limeshapoteza sehemu ya juu inakokaa "s", na kuligeuza kuwa WAV hakuirudishi.

```
demucs --two-stems=vocals wimbo.wav
ffmpeg -i separated/htdemucs/wimbo/vocals.wav -ac 1 -ar 16000 sauti.wav
```

Sasa fanya jambo ambalo wengi hulipita: fungua `no_vocals.wav`, faili la ala lililobaki, na ulisikilize kwa spika za masikioni. Ukisikia "sss" na "shh" zikielea juu ya matoazi, konsonanti zimechukuliwa pamoja na ngoma. Utengaji haujui maneno. Unajua tu kwamba mvumo mkali wa juu hufanana na toazi. Katika hali hiyo sauti iliyotengwa itasikika safi masikioni mwako na bado itaandikwa vibaya, kwa sababu kilichokosekana ni kilekile ulichokuwa unakitafuta. Usitupe nakala ya mwanzo. Tengeneza ya tatu, yenye sauti iliyotengwa pamoja na wimbo mzima ulioshushwa desibeli 12. Hiyo inarudisha sehemu ya "s" iliyoibiwa bila kurudisha ngoma zote.

Baada ya hapo kata. Kwenye programu ya kuhariri sauti ya Audacity weka lebo kila mwimbaji anapoanza na anapomaliza fungu la mistari, na uache utangulizi na gitaa la peke yake nje. Hata baada ya kutenga, sehemu hizo hazina kimya kamili. Zina mabaki hafifu ya ala, na programu iliyopewa mabaki hafifu huyatafutia maneno. Kila kipande kiwe chini ya sekunde 30 na kikatwe kwenye pumzi ya mwimbaji, kamwe kisikatwe katikati ya neno. Acha nusu sekunde kabla ya neno la kwanza, maana ukikata kwa kubana utaila silabi ileile ya mwanzo tunayoihangaikia. Andika saa ya wimbo ambapo kila kipande kinaanzia. Vichujio vya kukata kimya vyenyewe nisingevitegemea hapa, kwa kuwa vimetengenezwa kwa usemi na noti ndefu iliyovutwa vinaweza kuidhania ala na kuiondoa.

```
whisper kipande03.wav --model large-v2 --language sw --condition_on_previous_text False
```

`--language sw` inaondoa mchezo wa kukisia lugha. `--condition_on_previous_text False` inazuia kosa la kipande kimoja cha sekunde 30 kuhamia kingine. Kama vipande vyako vyote viko chini ya sekunde 30 hutaona tofauti yake, lakini iache, maana siku utakapopitisha faili refu itakuokoa.

Endesha vipande vyote kwa nakala zote tatu: wimbo mzima, sauti iliyotengwa, na mchanganyiko. Weka matokeo kando kwa kando. Mahali yanapotofautiana ndipo pa kusikiliza kwanza. Tuseme kipande cha tatu, kilichoanza dakika 1 na sekunde 12, kimetoa "nitarudi tena nyumbani" kwa wimbo mzima, "itarudi tena nyumbani" kwa sauti iliyotengwa, na "sitarudi tena nyumbani" kwa mchanganyiko. Hiyo "itarudi" inakueleza mengi: konsonanti ya mwanzo imeondoka na ngoma, na programu imeandika kilichobaki. Usipige kura kwamba mbili ni nyingi kuliko moja. Rudi kwenye wimbo, punguza kasi hadi asilimia 75 bila kubadilisha noti, na usikilize nusu sekunde ile peke yake.

Nakala zote tatu zikikubaliana, bado si uthibitisho. Modeli ni moja na mazoea yake ni mamoja, hivyo zinaweza kukosea kwa pamoja. Kwa hiyo silabi za ukanushi na nafsi zinakaguliwa zote kwa sikio, hata pale ambapo hakuna tofauti. Tafuta kila kitenzi kinachoanza na ni-, si-, i-, ha- na hu- katika maandishi yako, ukisikilize kimoja kimoja. Katika wimbo wa kawaida ni vitenzi vichache, na muda unaotumika ni mdogo ukilinganisha na kusikiliza wimbo wote upya mara kadhaa.

Kiitikio kinakupa msaada wa bure. Kimeimbwa mara tatu, na mara nyingi mojawapo ina ala chache, hasa ya mwisho au inayofuata gitaa la peke yake. Neno lililozama kwenye mara ya kwanza linaweza kuwa wazi kwenye ya tatu. Ila angalia kabla ya kunakili kutoka moja kwenda nyingine, kwa sababu waimbaji hupenda kugeuza neno moja katika mara ya mwisho, "sitarudi" ikawa "sikurudi". Linganisha urefu wa silabi na mahali zinapoangukia kwenye mdundo kwanza.

Waitikiaji ni mahali ambapo njia hii inaishiwa nguvu. Kwa Demucs wao ni sauti kama mwimbaji mkuu, kwa hiyo wote wanabaki kwenye faili moja, na wakiimba maneno tofauti kwa wakati mmoja programu itachanganya mistari miwili kuwa mmoja. Dalili yake ni sentensi inayoanza kwa wazo moja na kumalizika kwa jingine, au silabi nyingi kuliko zinavyoweza kukaa kwenye mdundo ule. Hapo acha mashine, andika kwa sikio, mwimbaji mkuu kwanza na waitikiaji mstari wa chini yake. Neno ambalo hata kwa kasi ndogo hulisikii, liandike pamoja na alama [?] na saa yake, kwa mfano 1:12, ili anayehakiki baada yako aende pale pale badala ya kuamini kisio chako.