Keltner ya ATR na Bollinger ya mchepuko sanifu: kila moja inapima chake

"Wakuu, nimeweka Bollinger Bands na Keltner Channel kwenye chati moja ya dhahabu, zote 20 na 2. Moja inasema bei imevuka, nyingine inasema bado. Niifuate ipi, na lini?"

Mkuu, hazibishani hizo. Keltner hutumia ATR, yaani wastani wa mwendo wa mshumaa mmoja: kutoka kilele hadi chini, pamoja na pengo lolote kutoka bei ya kufungia iliyotangulia. Haijali mishumaa inaelekea wapi. Bollinger hupima bei za kufungia zilivyotawanyika mbali na wastani wao, kwa hiyo soko likipanda mfululizo, mwinuko wenyewe huhesabiwa kama mtikisiko.

Chukua kalamu. Kila mshumaa una urefu wa dola 30, na kila siku bei inafunga dola 10 juu ya jana. Wastani wa siku 20 unabaki nyuma kwa dola 95. Mchepuko sanifu unatoka 57.7, hivyo ukingo wa juu wa Bollinger uko dola 115 juu ya wastani: bei bado imo ndani. Ukingo wa Keltner uko dola 60 tu, bei iko nje kwa 35. Sasa fanya ipande dola 20 kwa siku, urefu wa mshumaa ukiwa uleule. Bollinger inajitanua nayo, na bei inakaa palepale, michepuko 1.65 juu ya wastani. Keltner inaachwa kwa dola 130. Trendi ikiwa imara, basi, Keltner ndiyo inayokuonyesha nguvu yake, na kuuza eti kwa sababu bei "imetoka nje" ni kujichongea.

Soko likicheza mahali pamoja mambo yanageuka. Bei zikifunga dola 10 juu, kisha 10 chini ya wastani, huku tambi ndefu zikifanya kila mshumaa uwe na dola 40, ukingo wa Bollinger uko dola 20 na wa Keltner dola 80. Huo wa 80 utausubiri hadi uchoke. Hapo tumia Bollinger.

Jihadhari na habari za Marekani za saa 9:30 alasiri kwa saa zetu za Dar (majira yao ya baridi, 10:30). Bei ikiruka dola 40 kwa mshumaa mmoja kisha ikatulia, Bollinger huendelea kupanuka hadi mshumaa wa 10, halafu hubana ghafla mruko unapotoka kwenye dirisha la 20. Wengi huona Bollinger imeingia ndani ya Keltner wakadhani soko linajikusanya kuruka tena. Ni hesabu tu ya dirisha! ATR ya mishumaa 10 huongezeka kwa dola zisizozidi 4, kisha hushuka taratibu.

Na kama unafuatilia hisa za DSE kwa bei za kufungia pekee ulizoandika daftarini, ATR kamili huwezi kuipata. Baki na Bollinger.