Mafuta pungufu si mafuta kidogo: kutafsiri ahadi ya chupa ya mayonezi

Vyakula vingi vya dukani hapa Lubumbashi huingia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa vikiwa na maandishi ya Kiingereza, vingine huja na ya Kifaransa, na wauzaji wa jumla huhitaji maneno ya Kiswahili kwa mabango na lebo za kubandika. Kwa kuwa kazi hizo hunifikia mara kwa mara, ushauri wangu kwa anayezianza ni kwamba asiishike kalamu kabla ya kuigeuza chupa na kusoma jedwali la virutubisho, kwani ahadi iliyo mbele hupimwa kwa namba zilizo nyuma.

Tuchukue mayonezi iliyoandikwa mbele kwamba mafuta yake yamepunguzwa kwa asilimia 50. Jedwali linaonyesha gramu 36 za mafuta katika kila gramu 100, na mayonezi ya kawaida ya mtengenezaji huyohuyo ina gramu 72. Ahadi ni ya kweli, lakini ni ahadi ya kulinganisha: inasema bidhaa hii ina mafuta machache kuliko nyingine, wala haisemi kwamba mafuta yake ni machache.

Muuzaji mmoja aliniambia, "Papa, andika tu 'mafuta kidogo', watu wataelewa." Wangeelewa, ila wangeelewa jambo jingine. Mwongozo wa Kodeksi, yaani kanuni za chakula za FAO na WHO, wa mwaka 1997, unaruhusu chakula kigumu kuitwa chenye mafuta kidogo ikiwa hakizidi gramu 3 za mafuta katika gramu 100, na kuitwa kisicho na mafuta ikiwa hakizidi nusu gramu. Mayonezi yetu imekipita kiwango cha kwanza mara 12. Mama ambaye daktari amemkataza mafuta ataiona lebo ya "mafuta kidogo" na kujipakulia bila hofu, ilhali kijiko kimoja cha gramu 15 kina zaidi ya gramu 5 za mafuta.

Kwa hiyo niliandika: "Mayonezi yenye mafuta pungufu: nusu ya mafuta yaliyomo katika mayonezi yetu ya kawaida." Sehemu ya pili ni ndefu, na muuzaji alilalamikia nafasi, lakini ndiyo inayobeba ahadi. Mwongozo huohuo unataka ulinganisho utaje kinacholinganishwa na kiasi cha tofauti. Ukiandika "mafuta yamepunguzwa kiasi", umemnyima mtengenezaji haki yake, kwa sababu yeye amepunguza nusu nzima, na msomaji atadhani ni kupunguza kwa jina tu.

Mtego mwingine ni hiyo asilimia. Mafundi wa mabango, wakibanwa na nafasi, hufupisha maneno yakawa "Mafuta 50%", na hapo maana imegeuka kabisa: sasa inasomeka kwamba nusu ya chupa ni mafuta, jambo ambalo ni baya kuliko ukweli. Neno "nusu ya" halifupishiki kwa urahisi hivyo, ndiyo maana nalipendelea. Neno "nyepesi" nalo nimeliacha, kwa sababu mnunuzi wa hapa akiambiwa mayonezi ni nyepesi ataielewa kuwa ya majimaji.

Kabla ya kukabidhi kazi, humsomea tafsiri mtu ambaye hajaiona chupa, kisha namwuliza: je, hii ina mafuta mengi au machache kuliko maziwa? Akijibu kwamba yanakaribiana, basi maneno yangu yameahidi kupita kiasi, kwa kuwa maziwa yasiyoondolewa malai yana takriban gramu 3 na nusu tu katika gramu 100.

Neno jingine linaloweza kuahidi kupita kiasi ni "asili"; jihadhari nalo hasa kwenye yaurti. Kifaransa kikiandika "nature" kwenye kikopo, kinamaanisha yaurti isiyotiwa sukari wala ladha ya matunda. Ukiitafsiri kuwa "yaurti ya asili", umempa mtengenezaji sifa ambayo hakuidai kamwe. Mimi huandika "yaurti tupu, bila sukari wala ladha iliyoongezwa", baada ya kuhakikisha kwamba orodha ya viambato inakubaliana nami.

Mara nyingine jedwali halikubaliani na ahadi yenyewe: mbele pameandikwa mafuta kidogo, nyuma pana gramu 12. Hapo usiirekebishe ahadi kimyakimya ndani ya Kiswahili, wala usiipitishe kana kwamba hukuona. Mwandikie aliyekupa kazi, umtajie namba zote mbili, uombe jibu la maandishi, na lebo hiyo ibaki mezani mpaka jibu lifike.