Barua kwa mwanangu: kwa nini jibu ni "angemletea"

"Shikamoo baba. Mjukuu wako kaniletea swali la kuchagua, nimekwama. Mvuvi alimwambia mchuuzi, 'Nitakuletea sato wako hapa kesho.' Kauli taarifa yake ni ipi? Mimi nilichagua C, 'atamletea', mwalimu kaweka vema kwenye D, 'angemletea'. Mbona naona zote ni sawa?"

Marahaba, mwanangu. Picha ya daftari imefika, nimeikuza mpaka nikasoma. Nayaandika machaguo yote manne hapa ili tuyaone kwa pamoja:

A. Mvuvi alimwambia mchuuzi kuwa nitamletea sato wake pale kesho yake.
B. Mvuvi alimwambia mchuuzi kuwa angekuletea sato wako pale kesho yake.
C. Mvuvi alimwambia mchuuzi kuwa atamletea sato wake pale kesho yake.
D. Mvuvi alimwambia mchuuzi kuwa angemletea sato wake pale kesho yake.

Nianze na nafsi, maana ndiyo inayoondoa A na B, ukabaki na mawili tu ya kuyafikiria.

Unakumbuka ile ndoo ya mama jirani, tulipokuwa tunakaa Igoma? Ulikuwa na miaka saba. Mama yako alikutuma ukamwambie jirani, "Nitakuletea ndoo yako kesho." Ukaenda mbio, ukasema vilevile: "Mama kasema nitakuletea ndoo yako kesho." Kesho yake jirani akawa anakungoja wewe, na mama yako alikuwa ameshampelekea ndoo dukani kwake. Ulibeba maneno ya mama bila kubadili "ni", na "ni" ikishatoka kinywani mwako inakuwa wewe. Chaguo A lina kosa hilohilo. Anayesimulia amesema "nitamletea", kwa hiyo ni kama yeye msimulizi ndiye atakayepeleka samaki, mvuvi katoweka.

Sasa mchukue mjukuu wangu, mwandikie neno lenyewe kwa vipande: ni-ta-ku-letea. "Ni" ni mvuvi, "ku" ni mchuuzi. Kauli taarifa inataka vyote viwili vigeuzwe, na "wako" nalo ligeuzwe kwa sababu linamfuata "ku". Chaguo B limegeuza "ni" na wakati, likaacha "ku" na "wako" kama vilivyokuwa. Miaka yote niliyosahihisha, hapa ndipo watoto wengi walipoangukia. Mtoto akiona "ange" mwanzoni anaridhika, hasogezi jicho herufi mbili mbele.

Kuna njia ya kuikamata bila kubahatisha. Tazama kitenzi kilicho nje ya alama za mtajo. Kimeandikwa "alimwambia", ndani yake kuna "mw" ya mchuuzi. Basi kitenzi cha ndani nacho lazima kibebe mtu huyohuyo: "alimwambia" huenda na "angemletea", "aliniambia" huenda na "angeniletea", "alituambia" huenda na "angetuletea". Kama mchuuzi mwenyewe ndiye angekuwa anasimulia, angesema: "Mvuvi aliniambia kuwa angeniletea sato wangu." Maneno ya mvuvi ni yaleyale, msimulizi amebadilika, na nafsi zote zimemfuata.

Hapo ndipo tunabaki na C na D, penye swali lako hasa.

Hukukosea kusikia kwamba C inasemeka. Ukienda Mwaloni Kirumba sasa hivi utamsikia mchuuzi akisema, "Kaniambia ataniletea kesho," na kila mtu anamwelewa, kwa sababu kesho hiyo bado haijafika na mazungumzo yanafanyika leo. Katika maongezi simkosoi mtu kwa hilo. Lakini sentensi ya mtihani haina leo. Imeanza na "alimwambia", jambo lililokwisha kupita, na hatujui limepita lini. Inawezekana ni mwaka jana. "Ta" hupimia wakati ujao kuanzia pale aliposimama anayesema, kwa hiyo msimulizi akisema "atamletea", msikilizaji anaweza kudhani sato bado yuko njiani. "Nge" inaturudisha upande wa mvuvi siku ile aliposema: kwake jambo lilikuwa mbele, kwetu tunaosimulia huenda limeshapita, na wala hatusemi kama samaki waliletwa au la. Ndiyo maana kanuni ya shuleni ni "ta" kuwa "nge", na ndiyo sababu "kesho" imekuwa "kesho yake" na "hapa" pakawa "pale". Vyote vitatu vinahama pamoja. Chaguo C limehamisha mahali na siku, likaacha kitenzi nyuma.

Angalia mpaka wa kanuni hii. Kitenzi cha nje kikiwa cha wakati uliopo, hakuna kinachorudi nyuma: "Mvuvi anamwambia mchuuzi kuwa atamletea sato wake kesho." Nafsi zimegeuka, wakati umebaki. Kwa hiyo kabla mtoto hajagusa chaguo lolote, atie kidole kwenye kitenzi cha nje aulize, hiki ni "li" au ni "na"? Na jambo ambalo ni kweli siku zote halirudishwi nyuma. Mwalimu akisema, "Ziwa Victoria limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya," tunasema alisema kuwa Ziwa Victoria limegawanyika, si kwamba lilikuwa limegawanyika, maana mpaka leo ni hivyo.

Nyakati nyingine nitazipitia haraka. "Ninaparua samaki" inakuwa alikuwa anaparua samaki, au alikuwa akiparua. "Nimeuza dagaa" inakuwa alikuwa ameuza dagaa. "Niliuza jana" nayo inakuwa alikuwa ameuza siku iliyotangulia, na hapa mtunga swali hupenda kuweka "aliuza" pembeni ili mtoto aone li kwa li, achague.

Penye kukanusha naomba mkae kidogo. "Sitakuletea" katika kauli taarifa ni "asingemletea". Mtoto aliyekariri kwamba "ta" inakuwa "nge" ataandika "hangemletea". Sisi huku tumefundisha "asinge", na ndiyo itakayokuwa kwenye jibu sahihi. Chaguo lenye "hatamletea" limegeuza nafsi peke yake.

Kuna mtego mmoja zaidi, nao huja swali likigeuzwa, yaani mtoto anapewa kauli taarifa atafute kauli halisi. Akikuta "angemletea" asikimbilie "nitakuletea" kabla ya kusoma mpaka nukta. Sentensi ikiwa "Mvuvi alimwambia mchuuzi kuwa angemletea sato kama angepata nyavu," maneno yake ya awali yalikuwa "Ningekuletea sato kama ningepata nyavu." Hiyo "nge" ilikuwepo tangu mwanzo kwa sababu ya sharti, haikutokana na "ta". Neno "kama" na "nge" ya pili ndivyo vinavyoonyesha.

Mpe mjukuu wangu sentensi hii, aigeuze bila kupewa machaguo yoyote: Nahodha alituambia, "Sitawavusha leo, kwa sababu mawimbi yamekuwa makubwa." Aangalie sana "wa" na "leo". Jumapili nikiwapigia, anisomee alichoandika.

Baba yako