Mzabuni akileta mchango kwenye matanga yako

Miaka niliyofanya kazi katika idara ya ununuzi ya kaunti, bahasha haikunitatiza sana. Mtu akikuletea bahasha siku moja kabla ya zabuni kufunguliwa, nyote wawili mnajua ni nini. Kilichotusumbua ni mchango: wa matanga, wa harusi, wa karo ya mtoto. Huo hauji kwa siri. Unasomwa mbele ya watu, na watu wanapiga makofi.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mamake. Alikuwa kwenye kamati ya ukaguzi na upokeaji, ile inayohesabu na kupima bidhaa zikifika kisha inatia sahihi cheti. Bila cheti hicho, mzabuni halipwi. Wiki hiyohiyo madawati 200 ya shule yalikuwa yameshushwa uani yakingoja kukaguliwa. Usiku, simu ya mweka hazina wa mazishi ikapokea shilingi 30,000 kwa M-Pesa kutoka kwa mwenye madawati. Orodha ilipopangwa, jina lake lilikuwa juu ya wajomba.

Ofisini wengi waliona hakuna neno. Zabuni keshaishinda kihalali, walisema, atahonga nini tena? Anayesema hivyo hajakaa karibu na malipo. Kaunti hulimbikiza madeni, mzabuni naye ana mkopo benki, kwa hiyo kila siku cheti kinapokawia anaumia. Halafu kuna vipimo. Mkataba ulitaka madawati yawe na mabomba ya chuma yenye unene wa milimita 1.5. Ya milimita 1.2 yakishapakwa rangi huwezi kuyatofautisha kwa macho, mpaka uyapime kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, sehemu iliyokatwa. Sasa nani ataagiza kalipa iletwe, wakati mwenye madawati ndiye aliyelipia jeneza?

Maadili ya utumishi Kenya hayasemi mila ni kosa. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, ilimruhusu afisa waziwazi kupokea zawadi ya jamaa au rafiki katika tukio maalum linalotambuliwa na mila. Lakini Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, kifungu cha 14, inakataza zawadi ya mtu mwenye mkataba na taasisi yako, au anayeweza kufaidika ukitenda au usipotenda kazi yako. Angalia mstari umepitia wapi: kwa mtoaji. Kanuni za 2015 ziliweka kikomo cha shilingi 20,000, na watu wakakishika kama kibali. Sivyo. Kikomo hicho ni cha zawadi za heshima za kawaida ambazo si pesa taslimu. Mwenye madawati hata angetuma 500, bado asingeruhusiwa.

Tena maadili hayangoji kuthibitisha nia. Ili mtu afungwe kwa hongo, kwa kawaida mwendesha mashtaka lazima aonyeshe kuwa kilichotolewa kilikusudiwa kupotosha kazi. Maadili yanatosheka na uhusiano peke yake, ndiyo maana ukiulizwa, jibu la "mimi sikumpendelea" halikusaidii.

Na akiwa binamu yako ndiye mzabuni? Hapa mimi hurudi kwenye daftari la michango. Kwetu kila familia inalo. Fulani alituletea elfu mbili tulipofiwa, akifiwa tunampelekea elfu mbili au zaidi. Binamu yumo humo tangu zamani, na deni lake linalipika kwa mfuko wako. Mwenye madawati hajawahi kukuzika mtu, hakijui hata kijiji chenu. Elfu thelathini zake zitarudi kupitia wapi kama si sahihi yako? Hata hivyo, mchango wa binamu ukiwa halali, bado unatakiwa kutangaza udugu wenu na kutoka kwenye kamati inayoshughulikia mkataba wake.

Yule mwenzetu alifanya vizuri. Mweka hazina alirudisha pesa kwa namba ileile, wakahifadhi ujumbe wa M-Pesa, naye akamwandikia mkuu wa taasisi barua ya nusu ukurasa: nani katuma, kiasi gani, lini, mkataba upi. Ikaingizwa kwenye rejista ya zawadi, na mtu mwingine akakagua madawati.

Afadhali kuzuia mapema. Namba ya mchango isiwe yako, na tangazo usilitume kwenye kundi la WhatsApp lenye wazabuni. Mpe mweka hazina majina ya wenye mikataba inayoendelea, awakatalie kwa heshima: "Njoo tuzike pamoja, mchango hatupokei." Mpe maagizo ya mbuzi pia. Pesa hurudi, lakini mbuzi akishafika kwa wapishi alfajiri, ifikapo saa nne hakuna cha kurudisha.