Ajenda ya Kikao cha Mwisho Kabla ya Kurekodi: Pitieni Onyesho kwa Onyesho

Ajenda nyingi za kikao hiki cha mwisho kabla ya kurekodi filamu hufuata idara: kamera, taa, sauti, mavazi, usafiri. Nashauri uipange kwa maonyesho, kwa sababu kila mkuu wa idara akieleza mahitaji yake peke yake, mgongano kati yao hauonekani mpaka siku ya kazi.

Katika filamu fupi tuliyoiandaa Bagamoyo, mswada ulitaka dau liingie ufukweni jua likizama. Onyesho hilo liliposomwa kikaoni, nahodha tuliyekuwa tumemwalika (mwalikeni, hata kama si mkuu wa idara) aliuliza mwezi ungekuwa wa siku ngapi. Ratiba ilikuwa imeangukia bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Katika pwani yetu, maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi jioni, kwa hiyo jua linapozama yamekwisha kupwa kwa zaidi ya saa mbili, na ufuko wa Bagamoyo, ulio tambarare, hubaki mkavu kwa umbali mkubwa ambao dau haliwezi kuupita. Kwa kuwa maji huchelewa kujaa kwa takriban dakika 50 kila siku, tulilisogeza onyesho siku 3 mbele, na wakuu wa mavazi, usafiri na chakula wakathibitisha palepale kama wangeweza.

Usalama ujadiliwe ndani ya onyesho hilohilo, kabla ratiba haijafungwa, maana tahadhari hula muda wa kurekodi. Kanzu iliyolowa ni nzito kwa mtu aliyeanguka majini, na jaketi la kuokolea huonekana kwenye picha. Tuliafikiana kwamba wanaopanda dau wawe waigizaji waliojaribiwa kuogelea wakiwa na mavazi hayo, boti ya injini yenye mwokoaji ikae karibu nje ya picha, na hakuna kurudia onyesho baharini giza likishaingia. Mwongozaji alipoteza marudio aliyoyatarajia, na ni afadhali alilijua hilo kikaoni.

Jenereta nayo ilizua hoja. Mkuu wa sauti aliitaka mbali ili mngurumo usiingie kwenye mazungumzo, ilhali mkuu wa taa hakutaka kutandaza nyaya ndefu kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi. Tulichagua taa za betri, jambo lililomlazimu mpiga picha mkuu kupunguza ukubwa wa eneo la kuangaza.

Katika kumbukumbu za kikao, kila jukumu liandikiwe jina la mtu mmoja, kwani neno “uzalishaji” haliwezi kupigiwa simu. Andika nani anashika kibali, nani amekwisha kuthibitisha hospitali inayopokea majeruhi saa hizo na gari litakalowapeleka, na nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Kwa onyesho la dau tulimpa nahodha mamlaka hayo, na mwongozaji akakubali mbele ya wote kwamba hatabishana naye. Kumbukumbu zitumwe jioni ileile, na ambaye hajajibu apigiwe simu kabla ya karatasi ya ratiba ya siku kutolewa.