Baudi si biti: majibu ya maswali yenu

"Modemu yangu ya zamani ni baudi 2400. Si ndiyo biti 2400 kwa sekunde?"

Hapana, na swali hili limenichosha. Baudi ni mara ngapi wimbi linabadilishwa kwa sekunde. Biti ni mzigo wa kila badiliko. Modemu ya V.22bis, kiwango cha modemu kama yako, hubadilisha wimbi mara 600 tu, ila kila mara huchagua moja kati ya hali 16 za kimo na fezi, yaani mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake; hizo ni biti 4. Zidisha. Aliyekuuzia kama "baudi 2400" hakujua anachouza.

"Kwa nini wasitumie kimo tu, wimbi kubwa 1, dogo 0?"

Kwenye rimoti ya TV inatosha: mwanga unawaka na kuzimika. Kwenye simu, waya mrefu hupunguza kimo, na kelele huongezeka juu yake. Mpokeaji atajuaje kama hiyo ni 0 au ni 1 iliyochoka njiani?

"Masafa je, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde?"

Hayo hayajali waya umepunguza kimo kiasi gani. Kwenye modemu ya Bell 103 ya 1962, aliyepiga simu hutuma hezi 1270 kwa 1 na 1070 kwa 0, biti 300 kwa sekunde. Biti moja hudumu milisekunde 3.3, humo 1270 hutoa mawimbi manne na ushei, 1070 matatu na nusu hivi. Tofauti ni theluthi mbili za wimbi. Tuma biti 1200 kwa sauti hizohizo, tofauti inabaki sehemu moja ya sita, na hapo mpokeaji anabahatisha.

"Mpokeaji anaijuaje fezi wakati hana saa ya mtumaji?"

Haijui, wala haihitaji. Hupima imeruka kiasi gani tangu alama iliyopita, yaani hali iliyotumwa kabla yake. Kwenye V.22, kiwango kilichotangulia V.22bis, 00 ni mruko wa nyuzi 90, 01 ni 0, 10 ni 180, 11 ni 270. Tuma 00, 10, 11 kuanzia sifuri: fezi inakuwa 90, 270, kisha 180. Waya ukizungusha yote kwa nyuzi 40, zinafika 130, 310 na 220, lakini sifuri nayo imekuwa 40, hivyo miruko ni ileile. Gharama yake ni kwamba alama moja ikisomwa vibaya huharibu mbili, maana inayofuata hupimwa kutoka kwake. Tena mfululizo wa 01 hausogezi fezi kabisa, na mpokeaji hupoteza alama inaanzia wapi; ndiyo maana V.22 huvuruga biti kwanza kabla ya kuzituma. Wanaojitengenezea saketi nyumbani husahau hili, kisha wananiandikia.

"Basi tuweke hali 1024, tupate biti 10 kila mara?"

Weka, kama waya wako ni kimya. Hali zikisongamana, kelele kidogo tu inaisukuma moja hadi mahali pa jirani yake. V.22bis yako ikikubali 1200 tu wakati pande zote mbili zina 2400, imeacha hali 16 ikarudi kwenye nne. Kagua viungio vya waya kabla ya kununua modemu nyingine.