Gemu inateleza kwenye Chrome, ndani ya apu inakwama na kujizima

Swali: "Jamani naombeni msaada. Nimemaliza gemu yangu ya kanvasi, nimeandika JavaScript tupu bila injini. Kwenye Chrome inacheza fresh. Nimeipaki kwa Capacitor iwe apu ya Android, sasa kwenye simu ndogo za ramu GB 2 inakwamakwama, na baada ya dakika kadhaa inajizima yenyewe bila kutoa eraa yoyote. Nihamie Cordova? Nijaribu TWA? Ama niandike upya yote?"

Ndugu yangu usiandike upya chochote, na Cordova pia iache kwanza. Capacitor na Cordova zote mbili hazina brauza yao, zinaazima ile Android System WebView iliyopo tayari kwenye simu ya mtu, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine gemu inachorwa na injini ileile, spidi haibadiliki. Zamani kulikuwa na Crosswalk ambayo ilikuwa inabeba Chromium nzima ndani ya apu, hiyo kweli ilibadilisha mambo lakini apu ilinenepa kwa MB nyingi na mradi wenyewe ulisimamishwa 2017.

TWA ni habari nyingine kidogo. Hiyo inafungua tovuti yako ndani ya Chrome yenyewe ya mtumiaji, skrini nzima, bila ile baa ya anwani mradi umeweka faili la `assetlinks.json` kwenye seva yako. Uzuri wake ni kwamba kama gemu inateleza Chrome itateleza na hapo, tena alama za wachezaji wa zamani zinabaki kwa sababu ni hifadhi ileile ya Chrome, wakati Capacitor inaiona gemu kama imetoka `https://localhost` kwa hiyo kila mtu anaanza sifuri. Ubaya ni kwamba mara ya kwanza lazima mafaili yashuke kwa intaneti na seva iwe hewani. Mimi wachezaji wangu wengi ni vijana wa boda, wananunua MB za siku, apu wanarushiana simu kwa simu wakiwa steji, kwa hiyo nilichagua Capacitor nikaweka kila kitu ndani na sijajuta. Ila elewa kwamba kuhamia TWA hakutibu tatizo la gemu kula ramu, picha na muziki ni vilevile popote utakapoviweka.

Sasa tuje kwako. Umeeleza vitu viwili kama ni kimoja, kukwama na kujizima, na kwa uzoefu wangu hivyo vina sababu tofauti kabisa. Kukwama mara nyingi ni pikseli. Kujizima ni ramu. Ukivichanganya utahangaika mwezi mzima.

Anza na pikseli. Gemu yangu ni ya boda boda inapita Kampala, barabara inashuka muda wote, kwa hiyo kila fremu skrini nzima inachorwa upya. Simu ya kawaida ya steji ina skrini ya 720 kwa 1600 na `devicePixelRatio` ni 2, yaani kwa CSS ukurasa ni 360 kwa 800. Ukifuata ushauri unaozunguka mitandaoni wa kuzidisha kanvasi kwa `devicePixelRatio` ili picha iwe kali, unapata pikseli 1,152,000 kila fremu. Ukiacha 1 ni pikseli 288,000 tu, robo yake. Na ili upate fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 za kumaliza kila kitu, mahesabu na kuchora, na kama una mandhari, barabara, vivuli na vumbi vimelaliana basi pikseli ileile inapakwa rangi mara tatu nne kabla fremu haijaisha.

Jaribio ni rahisi sana, lazimisha kipimo kiwe 1 ucheze kwenye simu ileile mbaya. Ikiteleza, shida ilikuwa pikseli. Isipobadilika kabisa, shida iko kwenye kodi yako, labda unaunda vitu vipya kila fremu na kisafisha kumbukumbu kinakukatiza katikati, hapo chomeka kebo ufungue `chrome://inspect` kwenye kompyuta urekodi sekunde kumi za mchezo, utaona nani anakula muda. Kwangu ilikuwa pikseli, nikaishia hapa:

```js
const k = Math.min(window.devicePixelRatio || 1, 1.5);
c.width = Math.round(c.clientWidth * k);
c.height = Math.round(c.clientHeight * k);
ctx.setTransform(k, 0, 0, k, 0, 0);
```

Kwa 1.5 unapata 648,000, zaidi kidogo ya nusu. Picha inalegea kidogo, kwenye barabara inayokimbia hakuna mtu anayeona, lakini maandishi yanaonekana yamefifia na hilo linaudhi, kwa hiyo alama na vitufe nilivitoa kwenye kanvasi nikaviweka kama HTML ya kawaida juu yake, vinabaki vikali kwa sababu brauza inavichora kwa kipimo chake yenyewe. Tahadhari moja, usibadilishe hiyo HTML kila fremu, badilisha alama zinapobadilika tu. Na kama unatumia `shadowBlur` itoe, chora kivuli ndani ya picha yenyewe, ile kitu ni ghali mno kwa simu ndogo.

Halafu kuna joto, watu hawalisemi. Vijana wanacheza juani, mwanga wa skrini uko mwisho, dakika za mwanzo gemu ni safi halafu simu ikichemka inapunguza spidi yake yenyewe na fremu zinaanza kuruka kutoka 60 kwenda 40 kurudi 50. Hiyo kuyumba ndo inamkera mchezaji kuliko spidi ndogo yenyewe. Kwa simu dhaifu mi nimefunga fremu 30 kwa makusudi, fremu moja nachora moja naruka, unakuwa na milisekunde 33 na simu inapumua. Mwendo wa boda lazima uhesabiwe kwa muda uliopita na siyo kwa idadi ya fremu, la sivyo ukifunga 30 pikipiki itatembea nusu spidi, na kwa simu za skrini ya fremu 90 kwa sekunde itakimbia kupita kiasi. Kwa hiyo usipime kwa dakika mbili ukiwa kivulini na kusema imepona.

Sasa kujizima, na hapa ndo naomba usome taratibu. Eraa ya JavaScript haizimi apu, inaacha gemu imeganda tu. Apu ikitoweka ghafla bila neno, karibu kila mara ni Android imeua ile prosesi inayochora ukurasa kwa sababu ramu imeisha, na apu isiposhughulikia hilo tukio na yenyewe inauawa. Hakikisha hivi, chomeka simu, andika `adb logcat`, cheza mpaka ijizime, halafu tafuta mstari wenye maneno `Render process` na `kill (OOM or update)`. Ukiuona, kesi imefungwa, ni ramu. (Hilo neno `update` lipo kwa sababu WebView ikijisasisha wakati gemu iko wazi nayo inauawa, lakini hiyo ni nadra, haiwezi kutokea kila baada ya dakika tano.)

Watu wengi wanapima ramu kwa `adb shell dumpsys meminfo` na jina la apu yao, wanaona namba ndogo wanashangaa. Tangu Android 8, kwenye simu nyingi ukurasa unachorwa kwenye prosesi ya pembeni, jina lake lina `sandboxed_process`, mzigo mwingi wa gemu uko huko na siyo kwenye jina la apu yako. Endesha hiyo amri bila jina lolote, itakupa orodha ya prosesi zote na ramu ya kila moja, tafuta hiyo.

Kinachokula ni nini? Siyo ukubwa wa faili unaouona kwenye folda. Picha ya PNG ya 2048 kwa 2048 inaweza kuwa KB 300 kwenye diski, lakini ikifunguliwa kila pikseli inachukua baiti 4, jumla MB 16. Nilikuwa na karatasi tatu za picha za namna hiyo, hapo MB 48 zimeenda, bado inavumilika. Muziki ndo ulikuwa muuaji. Wimbo wa dakika 3, stereo, MP3 ya kama MB 3. Ukiupitisha kwenye `decodeAudioData` unafunguliwa wote kwa mkupuo na kila sampuli inakuwa baiti 4, kwa hiyo sekunde 180 mara sampuli 48,000 mara chaneli 2 mara baiti 4, unapata MB 69. Wimbo mmoja! Weka nyimbo tatu za hatua tatu tofauti umefika MB 207 kabla hujachora hata tairi, na simu ya GB 2 sehemu kubwa ya ramu imeshachukuliwa na Android yenyewe na WhatsApp. Kwenye kompyuta huwezi kugundua kwa sababu kompyuta ina nafasi.

Dawa yake ni kutenganisha. Muziki mrefu upige kwa `new Audio('muziki.mp3')`, hiyo inafungua kidogokidogo kadiri inavyocheza. Milio mifupi, honi, breki, sarafu, iache kwenye `decodeAudioData` kwa sababu inatakiwa itoke papo hapo mtu akigusa, na sekunde moja ya mlio wa chaneli moja haifiki hata KB 200. Utakachopoteza ni kwamba muziki ukirudia mwanzo kwa `Audio` unaweza kusikia kakimya kadogo, kwa hiyo mwisho wa wimbo ufifishe ili pasisikike. Na ukitoka kwenye apu muziki utaendelea kulia mfukoni, sikiliza `visibilitychange` uzime vyote viwili, muziki na kitanzi cha kuchora.

Kitu cha mwisho, kama kuna mtu anakuambia anaona skrini nyeupe tu, hiyo siyo ramu wala pikseli. Watu hawasasishi WebView kwa sababu data inauma. Alama kama `?.` kwenye kodi inahitaji Chrome 80 kwenda juu, chini ya hapo faili zima halisomeki. Kama unatumia Vite weka `build.target` iwe `es2015`, na mwambie akutumie `navigator.userAgent`, toleo limeandikwa humo baada ya neno Chrome.

Anza na muziki ndugu, halafu kipimo cha kanvasi. Bado ikijizima, bandika hapa ile mistari ya logcat na uandike picha zako kubwa zina vipimo gani na nyimbo ni dakika ngapi, tupige hesabu ya ramu pamoja.